Kilo Ngapi za Kupunguza?

Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa Jeshi la Majini la Marekani, pamoja na wenzake walichunguza miili ya wachezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani. Wengi wao, kwa majedwali ya uzito na urefu yaliyotumika wakati huo, walihesabiwa kuwa wanene kupita kiasi na wasiofaa kwa jeshi. Behnke hakuridhika na mizani peke yake. Aliwapima nchi kavu, kisha akawapima wakiwa wamezama majini. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na nyama, mifupa na viungo vingine ni vizito kuliko maji, kwa hiyo mtu mwenye mafuta mengi huelea zaidi na uzito wake ndani ya maji huwa mdogo. Wachezaji wale walizama vizuri. Uzito uliowafelisha kwenye majedwali ulikuwa misuli.

Kazi ya Behnke ndiyo iliyotuzoesha kuugawa mwili mafungu mawili: mafuta, na uzito bila mafuta, yaani kila kitu kilichobaki ukiyaondoa mafuta. Ndani ya fungu hilo la pili mna misuli, mifupa, damu, ini, ubongo, na maji mengi sana. (Wataalamu hubishana kama mafuta machache yaliyo ndani ya uboho na neva yahesabiwe humo au yasihesabiwe. Kwa hesabu za sura hii ubishi huo hautubadilishii kitu.)

Kinachonichekesha ni kwamba miongo kama miwili baadaye sayansi ilirudi kwenye mizani na rula ileile ambayo Behnke aliikwepa. Sababu ni ya kawaida tu: hospitali haiwezi kumzamisha kila mgonjwa kwenye birika. Daktari wa usingizi anataka kujua kipimo cha dawa, mtaalamu wa figo anataka kulinganisha maji ya mwili wa mtu mnene na ya mwembamba, na walichonacho mkononi ni urefu na uzito wa mgonjwa. Hapo ndipo zilipozaliwa kanuni za kukadiria. Ya Hume ilitoka mwaka 1966, ya Boer mwaka 1984, na nyingine kadhaa zikafuata. Hakuna hata moja kati ya hizi mbili iliyoundwa kwa ajili ya mtu anayetaka kupunguza tumbo, ingawa leo ndizo zilizo ndani ya vikokotoo vingi vinavyomwambia mtu apunguze kilo ngapi.

Tutatumia ya Boer. U ni uzito kwa kilo, K ni kimo kwa sentimita, na B ni uzito bila mafuta:

```
Mwanamke: B = 0.252 × U + 0.473 × K − 48.3
Mwanamume: B = 0.407 × U + 0.267 × K − 19.2
```

Tumchukue mama mmoja wa kubuni, tumwite Mama Zuhura, mshonaji wa Ilala mwenye miaka 41. Kimo chake ni sentimita 160, uzito wake kilo 85. Zidisha 0.252 kwa 85, unapata 21.42. Zidisha 0.473 kwa 160, unapata 75.68. Jumlisha, kisha toa 48.3, inabaki 48.8. Kwa kanuni hii, kilo 48.8 za Mama Zuhura si mafuta, na kilo 36.2 zilizobaki ni mafuta. Gawanya 36.2 kwa 85 na utaona kuwa mafuta ni asilimia 42.6 ya mwili wake.

Kabla ya kwenda mbele, tuiangalie ile 0.252, maana tutairudia. Waliotunga kanuni za namna hii walichukua watu ambao uzito wao bila mafuta ulishapimwa kwa njia ngumu zaidi, mara nyingi kwa kupima maji yote ya mwili. Sehemu isiyo mafuta ina maji kama asilimia 73, na mafuta yenyewe karibu hayana maji, kwa hiyo ukiyajua maji umeijua sehemu hiyo. Kisha wakatafuta tarakimu zinazoyaoanisha matokeo hayo na urefu na uzito wa watu wale. Maana ya 0.252 basi ni hii: wanawake wawili wa kimo kimoja, mmoja akimzidi mwenzake kilo moja, kanuni inatarajia kwamba robo ya kilo hiyo si mafuta, na robo tatu ni mafuta. Inazungumzia watu wawili tofauti waliosimama kwenye mizani siku moja. Haizungumzii mtu mmoja kabla na baada ya kupungua.

Sasa lengo. Mama Zuhura amejiwekea asilimia 32. Tarakimu hiyo ameitoa kwenye jedwali la shirika la Kimarekani liitwalo ACE, lililobandikwa kwenye kuta za majimu mengi, ambalo linawaweka wanawake wa asilimia 25 hadi 31 katika daraja la wastani na kuanzia 32 katika unene uliozidi. Si mpaka uliochongwa kwenye jiwe, na hakuna ugonjwa unaongoja hapo mlangoni. Ila kama hatua ya kwanza kwa mtu aliye na asilimia 42 unafaa.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakiwamo wakufunzi. Wanachukua 42.6, wanatoa 32, wanapata 10.6, kisha wanamwambia apunguze asilimia 10.6 ya kilo 85, yaani kilo 9. Hesabu inaonekana safi. Lakini akipunguza kilo 9 za mafuta matupu atabaki na kilo 76, na ndani yake mafuta ni kilo 27.2, ambayo ni asilimia 35.8. Hajafika. Kosa ni kwamba asilimia ile ilihesabiwa juu ya uzito wa zamani, na kila kilo inapoondoka uzito wenyewe nao unabadilika. Unalifukuza lengo huku uwanja wenyewe unasogea.

Njia sahihi ni kuanza na kile ambacho tunadhani hakitabadilika. Kama kilo 48.8 zisizo mafuta zitabaki vilevile, na mafuta yakawa asilimia 32 ya mwili mpya, basi zile 48.8 zitakuwa asilimia 68 ya mwili huo. Gawanya 48.8 kwa 0.68:

```
Uzito wa lengo = B ÷ (1 − lengo)
48.8 ÷ 0.68 = 71.8
```

Toa 71.8 kwenye 85, na jibu ni kilo 13.2. Hivi ndivyo kikokotoo kinavyofanya, na wengi huishia hapo. Mama Zuhura anaandika kilo 13 nyuma ya daftari lake la vipimo vya wateja na kuanza safari.

Ukiitazama vizuri hesabu hii utaona udhaifu wa aina mbili, na tuanze na ule mdogo. Ule mgawanyo kwa 0.68 unakuza kila kosa lililotangulia. Kosa la kilo moja katika uzito bila mafuta linakuwa kosa la karibu kilo moja na nusu katika uzito wa lengo. Tuseme Mama Zuhura alipimwa kimo akiwa na viatu vya kisigino cha sentimita tatu, au muuguzi alishusha ubao juu ya kilemba na nywele zilizosukwa juu. Kanuni itamwongezea kilo 1.4 za nyama ambazo hana, na lengo lake litapanda kwa kilo 2. Ndiyo maana kimo kipimwe miguu mitupu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, kichwa hakina kitu. Kukitaja kwa kukisia, "futi tano na kitu", hakutoshi.

Na hata kimo kikipimwa kwa uangalifu, kanuni haimjui yeye. Inamjua mwanamke wa wastani mwenye kimo na uzito kama wake, tena kwa wastani wa watu waliopimwa kwa ajili yake. Mwanamke aliyebeba ndoo za maji na magunia tangu utotoni na mwanamke aliyekaa ofisini miaka ishirini watapewa jibu moja ikiwa mizani na rula zinalingana. Kupishana na ukweli kwa kilo tatu juu au chini ni jambo la kawaida kabisa. Ikiwa uzito halisi wa Mama Zuhura bila mafuta ni 51.8, anatakiwa kupunguza kilo 8.8 tu. Ikiwa ni 45.8, anatakiwa kupunguza 17.6. Ile 13.2 yenye desimali yake moja inajifanya kujua zaidi ya inavyojua.

Kuna wanaodhani dawa yake ni kujaribu kanuni nyingi na kutafuta wastani. Ya Hume inampa Mama Zuhura 48.7, karibu sawa kabisa na Boer, na hilo halishangazi, kwani zimefuata njia moja. Makubaliano ya namna hiyo yasikupe moyo mno. Ile iliyotolewa na watafiti wa Australia mwaka 2005, iliyojumuisha watu wanene sana, inampa 46.7, na kwa hiyo inamtaka apunguze kilo 16.4. Ya James, ambayo bado imo kwenye baadhi ya vikokotoo na hata kwenye pampu za dawa za usingizi, inampa 49.2. Kwa uzito wake haina neno. Lakini umbo lake ni la mlima: uzito ukipanda, uzito bila mafuta unapanda nao hadi kileleni, kisha unaanza kushuka. Kwa mwanamke wa kimo cha sentimita 160 kilele hicho kiko karibu na kilo 92. Mpe kanuni hiyo mwanamke wa kilo 120 mwenye kimo hichohicho na itakwambia ana kilo 45 tu zisizo mafuta, pungufu ya Mama Zuhura mwenye kilo 85. Hiyo haiwezekani. Mwili mzito hujenga misuli na mifupa ya kuubeba. Kama una uzito mkubwa na kikokotoo hakitaji kanuni yake, jaribu kuingiza uzito unaozidi wako kwa kilo kumi: uzito bila mafuta ukishuka, umekutana na James, na utafute kingine.

Zaidi ya hapo kuna miili ambayo kanuni zote hizi hazina la kusema juu yake. Mjamzito, mtu aliyevimba miguu kwa sababu ya moyo au figo, mwenye maji tumboni kwa ugonjwa wa ini: mizani inayahesabu maji hayo na kanuni inayagawa kana kwamba ni nyama na mafuta ya kawaida. Watoto nao wana kanuni zao. Mzee aliyepinda mgongo amepoteza sentimita kadhaa za kimo pasipo kupoteza mfupa wa mguu hata mmoja, huku misuli yake ikiwa imepungua kwa namna ambayo rula haiioni.

Udhaifu mkubwa, hata hivyo, uko pengine. Turudi kwenye lengo la kilo 71.8 na tujifanye Mama Zuhura amelifikia. Mpigie hesabu upya kwa kanuni ileile ya Boer iliyomtuma huko. Zidisha 0.252 kwa 71.8, ongeza 75.68, toa 48.3. Jibu ni 45.5, si 48.8. Mafuta yake, kwa mujibu wa kanuni, ni asilimia 36.7. Amefika hadi mahali alipoelekezwa, na aliyemwelekeza anamwambia bado.

Kanuni haijasema uongo mara yoyote kati ya hizo mbili. Sisi ndio tuliochanganya mambo: tulichukua kanuni inayosema uzito bila mafuta hubadilika pamoja na uzito, kisha tukaigawanya kana kwamba haubadiliki. Kama tukiifuata hadi mwisho bila kuchanganya, uzito ambao Boer mwenyewe angeuita asilimia 32 kwa kimo hicho ni kilo 64. Yaani kupunguza 21. Kati ya 13 na 21 kuna tofauti ya kilo nane, na zote mbili zimetoka kwenye mizani moja, kimo kimoja na kanuni moja.

Lipi basi ni kweli? Jibu linategemea kitu ambacho kikokotoo hakikuuliza: katika kila kilo inayoondoka, ni sehemu gani si mafuta? Watu wanaopungua kwa kula kidogo tu, bila mazoezi ya nguvu, kwa kawaida hupoteza kiasi cha robo ya kila kilo kutoka sehemu isiyo mafuta. Robo hiyo inafanana ajabu na ile 0.252 ya Boer, na ndiyo maana njia ya pili ilitupa 21. Anayekula protini ya kutosha na kufanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hupoteza chini ya hapo, na anayefunga kwa pupa bila protini anaweza kupoteza zaidi ya robo. Kikokotoo cha kawaida kinadhani sehemu hiyo ni sifuri. Sifuri hupatikana kwa nadra.

Tukiiita sehemu hiyo s, na lengo likiwa asilimia 32, hesabu nzima inakaa kwenye mstari mmoja:

```
kilo za kupunguza = (0.68 × U − B) ÷ (0.68 − s)
```

Juu ya mstari, kwa Mama Zuhura, ni 57.8 kutoa 48.8, yaani 9. Ukiweka s sifuri, unagawanya 9 kwa 0.68 na kupata ile 13.2 tuliyoizoea. Ukiweka robo, unagawanya kwa 0.43 na kupata 20.9. Ukiweka 0.15, kiwango ambacho mtu anayejibidiisha na protini na vyuma anaweza kukitumaini, unagawanya kwa 0.53 na kupata 17. Hiyo 17 ndiyo ningemwandikia kwenye daftari, kwa penseli. Mwenye lengo jingine abadilishe 0.68 tu: anayetaka asilimia 28 aweke 0.72.

Na penseli ina kazi yake, kwa sababu s haikadiriwi, inapimwa. Wiki ya kwanza au mbili usiipime. Mwili unaokatiwa wanga huachia akiba yake ya sukari iliyomo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hufungamana na gramu kama tatu za maji. Mizani inashuka kilo mbili kwa furaha ya mwenyewe, na karibu zote si mafuta. Ukihesabu s hapo utajitisha bure.

Subiri hadi kilo tano au sita ziondoke, kisha upimwe kwa kifaa kilekile kilichokupima mwanzoni. Mizani ya umeme inayopitisha mkondo mdogo kupitia miguu na mikono, inayopatikana kwenye kliniki nyingi na baadhi ya majimu, inatosha, ingawa si sahihi sana. Inaweza kukosea mafuta yako kwa kilo tatu, lakini ikiwa inakosea upande uleule siku zote mbili, makosa yanafutana unapotoa moja kwenye jingine, na tofauti ndiyo tunayoitaka. Kwa sharti moja: vipimo vyote viwili vifanywe asubuhi, kabla ya kula, baada ya kwenda haja, na bila kutoka jasho jingi jana yake, kwa kuwa mkondo ule kwa kweli unapima maji.

Tuseme siku ya kwanza mizani hiyo ilimwonyesha Mama Zuhura mafuta ya kilo 36.0, na alipofika kilo 79 ikamwonyesha 31.1. Amepoteza kilo 6 kwa jumla, na 4.9 kati yake ni mafuta. Sehemu isiyo mafuta imepoteza 1.1, ambayo ukiigawanya kwa 6 unapata s ya 0.18. Uzito wake bila mafuta sasa ni 48.8 kutoa 1.1, yaani 47.7. Ingiza uzito wake mpya: 0.68 mara 79 ni 53.7, toa 47.7 inabaki 6, gawanya kwa 0.50. Zimebaki kilo 12, na uzito wa lengo ni kilo 67. Sasa tarakimu hiyo imetoka kwenye mwili wake zaidi kuliko kwenye wastani wa wanawake wengine.

Lakini tuseme mizani ilionyesha mafuta ya kilo 32.9 badala ya 31.1. Kupungua ni kulekule, kilo 6, ila nusu yake karibu ni nyama: s ni 0.48. Futi ya kamba anayoishonea nguo za watu ingekuwa imemwashiria mapema, kwa kuwa kiuno kingekuwa kimepungua kidogo mno kwa kilo sita, na cherehani ya kukanyaga ingeanza kumchosha miguu. Sasa mpigie hesabu. Uzito bila mafuta ni 45.9. Juu ya mstari panabaki 7.8, chini yake 0.20, na jibu ni kilo 39. Kwa mwendo huo, Mama Zuhura angefika asilimia 32 akiwa na kilo 40. Na s ingefika 0.68, chini ya mstari pangekuwa sifuri, na asingelifika lengo kwa uzito wowote. Akiona jibu la namna hiyo asipunguze kilo hata moja zaidi kabla ya kubadilisha sahani yake: dagaa, mayai na maharage viongezwe, mlo wa siku usiwe mdogo kiasi hicho, na mazoezi ya nguvu yaanze. Kisha apime tena baada ya kilo tatu.